Soma bango la ujenzi kabla tangazo la kazi halijatoka

Ukipita eneo la viwanda Nakuru ukaona ghala jipya linapanda, simama usome bango la mjengo. Lina jina la mwenye mradi na la mkandarasi. Paa likishaezekwa na transfoma ikafika, mashine ziko njiani, na wa kuziendesha wanatafutwa kimyakimya.

Hapo ingia kwenye kundi la WhatsApp la uliosoma nao chuoni. Usiandike "naomba kazi". Uliza: "Nani anamjua msimamizi wa matengenezo pale? Mimi ni fundi umeme, nimefunga mota miaka 3." Binamu yangu alijibiwa jioni hiyohiyo, akapata namba ya msimamizi mwenyewe.

Ukingoja mashine ziwashwe, umechelewa. Timu huwa imeshajaa.