Kabla hujaandika "dhamira ni urafiki": mambo ya kuzingatia kwenye hadithi za wanyama

Wanangu wa darasa la tano, la sita na la saba, na nyie wazazi mnaokaa nao jioni kwenye homuweki, hili la mada na dhamira linawapotezea watoto maksi nyingi na wala sio kwamba hadithi hawajaielewa. Wanaielewa vizuri tu, mwambie akusimulie atasimulia mpaka mwisho na sauti za wanyama ataziweka, ila swali likiuliza dhamira anaandika neno moja, "urafiki", anaweka nukta anaenda swali linalofuata. Sasa urafiki ni mada. Mada ni kitu kinachoongelewa, mara nyingi ni neno moja au mawili, kama vile uchoyo, ujanja, kiburi, tamaa. Dhamira ni kile ambacho hadithi inasema kuhusu hicho kitu, na huwezi kusema jambo ukaishia kwenye neno moja, lazima sentensi itimie.

Kitu cha kwanza kabla hata hujaanza kusoma hadithi, soma swali limeulizwaje. Ukikuta "hadithi hii inahusu nini" au "kichwa kinachofaa habari hii ni kipi", hapo unatafutwa upande wa mada, jibu fupi linatosha. Ukikuta "hadithi hii inatufundisha nini" au "mwandishi anataka kusema nini", hapo ni dhamira. Na uwe unajua mwalimu wako anatumia neno lipi, maana wapo wanaoiita maudhui, wapo wanaosema wazo kuu, na kuna wanaopokea dhamira fupi kama "umuhimu wa umoja". Mwandikie anavyotaka, lakini wewe kichwani uwe na sentensi nzima, ukiwa nayo kuifupisha sio kazi, ila ukiwa na neno tupu hamna cha kurefusha.

Hebu tuchukue hadithi moja tuifanyie kazi kweli kweli. Nachagua ya Kima na Papa, ya kwetu pwani, ya zamani sana, mmisionari Mwingereza Edward Steere aliisikia kwa watu wa Unguja na kuichapisha mwaka 1870, na mpaka leo watoto wanasimuliwa. Kima anaishi juu ya mkuyu, matawi mengine yameinamia baharini, na kila siku Papa anakuja chini pale anaomba kuyu, Kima anamtupia, wanakuwa marafiki. Siku moja Papa anamwambia twende kwetu na wewe ukaone, mimi nitakubeba mgongoni. Kima anakubali. Wakifika katikati ya maji Papa ndo anamwambia ukweli, kwamba sultani wao anaumwa sana na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anatulia, anamjibu mbona hukusema mapema, sisi kima tukitoka safari mioyo tunaiacha mtini, turudi nikauchukue. Papa anageuza. Kufika tu Kima anapanda mtini na hashuki tena.

Kabla hujachagua mada, usiandike majina ya wahusika. "Mada ni Kima na Papa" sio mada, hao ni wahusika. Mada inabaki hata ukiwatoa hao wanyama ukaweka watu, kwa hiyo jaribu, weka badala yao mvuvi na jirani yake, halafu angalia ni kitu gani bado kinaongelewa. Hapa unabaki na urafiki, na usaliti, na akili ya kujiokoa. Ndio, zinaweza kuwa mada zaidi ya moja kwenye hadithi moja, usiogope, ila chagua ile ambayo matukio mengi yanaizunguka.

Sasa twende kwenye dhamira, hapa ndo nataka tukae kidogo. Chukua mada yako kisha ujiulize, hadithi inasema nini kuhusu urafiki? Nikiwauliza darasani wanafunzi hunipa majibu ya aina nne hivi. Mmoja anasema "urafiki", huyo ameirudia mada. Mwingine anasema "Kima alimdanganya Papa akarudi nyumbani", hilo ni tukio, ameifupisha hadithi, na utalijua kwa sababu lina majina ya wanyama ndani yake. Wa tatu anasema "tusisafiri na watu tusiowajua", na hili ni hatari zaidi kwa sababu linasikika kama funzo zuri, mama nyumbani analisema kila siku, lakini rudi kwenye hadithi uone, Kima alikuwa anamjua Papa, walikuwa wanaonana kila siku na kula pamoja! Kwa hiyo ni ushauri mzuri ambao hadithi hii haijautoa. Wa nne anasema "anayekula kwako kila siku si lazima akutakie mema", na huyu amepata, maana ukimuuliza unajuaje atakuonesha kuyu alizokuwa anapewa Papa halafu atakuonesha ile safari.

Kwa hiyo kabla hujaiandika sentensi yako ipitishe kwenye maswali mawili. Je, ina jina la mnyama? Ikiwa nalo, litoe uweke "mtu" au "rafiki" na uone bado inasimama. Halafu, je, naweza kuonesha sehemu mbili kwenye hadithi zinazoithibitisha? Ukipata sehemu moja tu angalia tena, labda umeshika kitu kidogo cha pembeni.

Kuna njia nyingine ninayoipenda sana ambayo watoto wa darasa la sita wanaiweza bila shida, ni kubadilisha mwisho. Tuseme Kima hakufikiria haraka, wakafika, akauawa, sultani akapona. Ile dhamira ya kwamba anayekula kwako si lazima akutakie mema bado ipo, tena imezidi nguvu, kwa sababu inatokana na usaliti wa katikati ya hadithi. Lakini kama ulichagua mada ya akili, ukaandika "akili ya haraka inaweza kumwokoa mtu pale nguvu zinapokuwa hazimsaidii", hiyo imekufa pamoja na Kima, maana yenyewe ilikuwa imekaa kwenye mwisho. Zote mbili ni sahihi kwa hadithi kama ilivyo, ila sasa unajua kila moja imeshikwa na sehemu gani, na mwalimu akikuuliza "toa ushahidi" unajua pa kwenda kuutafuta, hii moja usaliti wa Papa, hii nyingine jibu la Kima kuhusu moyo.

Na hadithi haikuishia hapo, maana Papa anabaki chini anamwita, na Kima akiwa juu ya mti anamwambia wewe unataka kunifanya punda wa dobi, halafu anamsimulia kisa kingine ndani ya hiki. Punda amemkimbia dobi, ameenda msituni amenenepa. Simba ni mgonjwa hana nguvu ya kuwinda, anamtuma Sungura amletee nyama. Sungura anamfuata punda anamwambia Simba anataka kumuoa, punda anafurahi anakwenda, Simba anamrukia lakini kwa ule ugonjwa wake anashindwa kumuua, punda anachomoka na majeraha. Baada ya muda Sungura anamrudia punda tena na maneno matamu, na punda anakwenda tena. Safari hii anauawa. Simba anataka aletewe moyo na masikio, kumbe Sungura ameshavila kwa siri, na alipoulizwa akajibu huyu punda hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Angalia vizuri sasa, maana mfano huu unaonesha tofauti kuliko maelezo yote niliyoyatoa. Visa vyote viwili vina mada ya udanganyifu, Papa anadanganya, Kima anadanganya, Sungura anadanganya mara mbili na kwa Simba tena. Ukiandika "udanganyifu" kwenye vyote viwili umepata mada na hamna anayekubishia, lakini dhamira hazifanani hata kidogo. Cha punda kinasema kwamba anayeumizwa mara ya kwanza na asijifunze, mara ya pili huangamia. Ushahidi wake ni ile safari ya kwanza na ya pili, kama punda angekufa safari ya kwanza tu dhamira hiyo isingekuwepo kabisa. Na ndio sababu Kima anakitoa kisa hiki kwa Papa, anamwambia mimi nimeshadanganywa mara moja, sirudi. Wengi huandika hapa "tusiwe wajinga", mimi nawapa nusu, kwa sababu ni kweli kidogo lakini ni pana mno, ingefaa hadithi mia nyingine. Ujinga gani? Wa kurudi palepale palipokuumiza. Ukijibu hilo swali la "gani" sentensi inakuja yenyewe.

Cha mwisho ni methali, maana mmezoea kumalizia jibu kwa methali na mimi sikatazi, ila ipime kabla hujaitumia. Chukua Sungura na Kobe walioshindana mbio, Sungura anamwacha Kobe mbali, anaona ameshashinda, analala njiani, Kobe anampita. Karibu darasa zima linaandika "haraka haraka haina baraka". Rudi kwenye matukio. Sungura alishindwa kwa sababu ya haraka? Hapana, haraka yake ndo iliyomweka mbele, angeendelea nayo angeshinda. Alishindwa kwa sababu alimdharau Kobe mpaka akalala. Mada ni dharau, dhamira ni kwamba anayemdharau mpinzani wake huacha kujitahidi na hatimaye hushindwa, ushahidi ni usingizi wa njiani na Kobe kumpita, na methali ikihitajika basi iwe "mdharau mwiba mguu huota tende", inakaa hapo bila kulazimishwa. Na kama methali inayofaa haikujii kichwani, andika sentensi yako mwenyewe uweke na ushahidi wake, methali isiyoendana na matukio inaharibu jibu ambalo lilikuwa limeshakamilika.