Umbali wa kusimama na nafasi ya gari la mbele: hesabu ya barabara ya Masaka

Wanafunzi wangu wa udereva hufika wakijua kuwa sekunde mbili nyuma ya gari la mbele zinatosha. Kanuni hiyo si mbaya, ila imejengwa juu ya sharti lisilotajwa: kwamba breki zako zinashika sawasawa na za aliye mbele. Tulijaribu kwa taksi iliyojaa abiria, inayokwenda kilomita 80 kwa saa katika kipande kilichonyooka cha Lwera, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka nchini Uganda, ikifuata gari dogo jepesi.

Hatua ya kwanza ni kugawanya 80 kwa 3.6, ili upate takriban mita 22 kwa sekunde.

Hatua ya pili ni umbali unaokwenda kabla mguu haujagusa breki. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde 1.5 kuona taa nyekundu, kuamua na kukanyaga. 22 mara 1.5 ni mita 33, na katika mita zote hizo mwendo haujapungua hata kidogo. Anayetazama simu huongeza mita 22 kwa kila sekunde.

Hatua ya tatu ni umbali wa breki zenyewe:

```
d = v * v / (2 * a)
```

Hapa `v` ni mwendo wa mita kwa sekunde, na `a` ni kiasi mwendo unachopungua kila sekunde. Kwenye lami kavu, gari dogo lenye tairi nzima hupata `a` ya 7 hivi, nalo husimama kwa mita 35. Taksi yetu, yenye mzigo na breki zilizochoka, nimeikadiria 5, ambayo ni mita 48. Kwa kuwa mwendo unazidishwa kwa wenyewe, kwa kilomita 40 mita 48 hizo hushuka hadi 12.

Hatua ya nne ndiyo inayopuuzwa. Gari dogo likifunga breki, taksi inahitaji mita 33 za kuitikia, pamoja na mita 13 ambazo breki zake zinazidiwa, jumla 46. Sekunde mbili zinampa 44. Ajali ya mita mbili, na dereva ataapa kwamba aliacha nafasi.

Kwa hiyo nawafundisha kuhesabu tatu. Sehemu ya nyuma ya gari la mbele ikipita nguzo, anza kutamka "elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu". Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, legeza mafuta. Akichomeka mtu katikati, anza upya.

Usiku hata tatu hazitoshi, kwa sababu gari la mbele likigonga lori lililoharibika bila taa, halitelezi mbele yako, linasimama papo hapo. Hapo taksi inahitaji mita zote 81, yaani sekunde nne. Mvua ikinyesha, `a` ikashuka hadi 4, zinakuwa mita 93 au 94, nami huhesabu tano.