Nyasi zilizopandikizwa asubuhi hazishiki mchanga jioni

Trei mbili za mchanga, moja yenye nyasi na nyingine tupu, za kuonyesha jinsi nyasi zinavyozuia maji kusomba udongo, wengi mmeshaziona, kwa hiyo sitarudia maana ya mmomonyoko. Naandika kwa sababu ya kosa moja linaloendelea kuharibu somo hili: watu wanang'oa nyasi kando ya njia asubuhi, wanazichomeka kwenye mchanga, na mchana uleule wanamwaga maji mbele ya kikundi.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya hivyohivyo. Maji yalipita chini ya mashina, yakachimba kijifereji, na mashina matatu yakaelea mpaka kwenye mdomo wa trei pamoja na mchanga wake. Mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele akaniambia, "Bwana shamba, basi nyasi hazisaidii kitu." Sikuwa na jibu, kwa sababu kwa alichokiona alikuwa sahihi. Shina lililong'olewa limepoteza vinyweleo vya mizizi, na vinyweleo hivyo pamoja na mizizi midogo ndivyo vinavyoshikana na chembe za mchanga. Lililobaki ni kama kijiti kilichochomekwa, na maji yakikizunguka yanachimba zaidi pale penye shina.

Pandeni mbegu, na muanze siku 21 kabla ya onyesho. Siku 21, si 10! Siku ya kumi majani ya ngano au ulezi yanapendeza machoni, lakini mizizi bado haijafumana vya kutosha.

Trei ya urefu wa sentimita 40 na upana wa 30 inatosha. Toboa matundu madogo chini, na upande mmoja kata mdomo wa kutolea maji. Changanya mchanga mlaini sehemu mbili na udongo wa shamba sehemu moja, maana mchanga mtupu hauna chakula cha kutosha kwa mmea, kisha jaza kina cha sentimita 5. Jazeni trei zote mbili siku hiyohiyo, kwa mchanganyiko huohuo, na ile tupu imwagiliwe kila siku sawa na yenye mbegu. Hapa wengi wanateleza: trei tupu wanaijaza asubuhi ya onyesho, mchanga ukiwa bado haujashikamana, halafu wanashangilia ukisombwa. Huko ni kuwadanganya wakulima, na mkulima makini atagundua.

Siku ya onyesho, shika kishada cha nyasi kwa vidole viwili ukivute taratibu. Kikitoka kirahisi, ahirisha. Kikinyanyua bonge la mchanga, endelea.

Lowesha trei zote nusu saa kabla, mpaka maji yaanze kudondoka chini, kisha ziba matundu. Usiporuka hatua hii utaona maji yakikimbia juu. Ukiiruka, mchanga utayanywa yote na hakuna kitakachotiririka. Inua upande usio na mdomo kwa sentimita 8, trei zote mbili, na upime kwa rula, usikadirie kwa macho. Kila trei ipewe lita 2 kwa dakika 10, kwa kopo lililotobolewa kwa msumari mwembamba, likishikwa sentimita 30 juu. Kwa ukubwa wa trei hii ni sawa na mvua ya milimita 17 hivi, mvua kubwa kweli. Anayemimina kwa ndoo anaonyesha mafuriko, na mafuriko yatang'oa hata nyasi nzuri.

Kinga maji kwenye chupa mbili angavu, yaache yatulie, upime unene wa mchanga uliozama. Chupa ya trei ya nyasi itakuwa na mchanga mchache kuliko ya trei tupu, na maji yake yatakuwa meupe zaidi.

Msiishie hapo. Mkulima atasema, na ana haki, kwamba majani ndiyo yaliyokinga matone. Basi kata nyasi zibaki sentimita 1, ondoa majani yote yaliyokatwa, lowesha tena na urudie lita zilezile 2. Mchanga utaongezeka kiasi, kwa sababu matone sasa yanaipiga ardhi moja kwa moja. Kiasi kinachozidi cha raundi ya kwanza ni kazi ya majani. Tofauti inayobaki kati ya trei hii na ile tupu ni kazi ya mizizi pamoja na vishina vinavyopunguza kasi ya maji.

Vipimo vya chupa msivigeuze kuwa tani za udongo kwa ekari. Trei ni fupi mno, na maji hayapati nafasi ya kuongeza kasi kama kwenye mteremko mrefu. Kinachohamia shambani ni ule muda wa mizizi. Vipando vya nyasi kwenye kingo za matuta viwekwe mvua za kwanza nyepesi zinapolowesha ardhi, viwe vimeshika kabla ya mvua kubwa. Ukivipanda katikati ya mvua kubwa, utavikuta chini ya shamba, kama yale mashina yangu matatu.