Kabla ya kupeleka pingamizi la kodi, linganisha benki na mauzo

Hati ya makadirio ya kodi kutoka TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ikifika dukani, kitu cha kwanza cha kufanya ni kuandika juu yake tarehe uliyoipokea, na nani aliyeipokea. Hesabu ya siku inaanzia hapo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi siku 30 tangu alipofikishiwa makadirio hayo kupeleka pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Ukiipokea tarehe 4 Machi, siku ya 30 ni tarehe 3 Aprili. Inawezekana kuomba muda zaidi kwa sababu kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi, lakini ombi hilo nalo lina masharti yake. Usipange kazi kama vile limeshakubaliwa.

Siku hizo 30 ni chache kuliko zinavyoonekana. Barua yenyewe huandikwa kwa asubuhi moja. Kinachokula muda ni hesabu zinazoambatanishwa nayo. Nitaeleza kwa mfano mmoja, wa aina ninayoiona mara nyingi hapa Tanga: kampuni ndogo ya familia inayouza saruji, nondo na mabati pale Ngamiani, iliyosajiliwa kwa VAT. Takwimu nimezifanya ziwe rahisi kufuatika.

Kwa mwaka 2023 kampuni hii ilitangaza mauzo ya shilingi milioni 400. Ofisa wa kodi akachukua taarifa za benki za akaunti zake mbili, akajumlisha kila fedha iliyoingia, akapata milioni 558. Akatoa milioni 400, ikabaki milioni 158, akaiita mauzo ambayo hayakutangazwa. Kwa kiwango cha kampuni cha asilimia 30, kodi ya ziada ikawa milioni 47.4, kabla ya riba na adhabu.

Watu wengi wakipata hati kama hii huandika kwamba makadirio ni makubwa mno, biashara ni ngumu, na wanaomba kufikiriwa. Barua hiyo haina kitu cha kujibiwa. Kisheria ni mlipakodi anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio si sahihi au yamezidi, kwa hiyo kila shilingi unayoipinga lazima uoneshe imetoka wapi.

Anza na jambo linalosahaulika sana: VAT. Mauzo uliyotangaza kwenye ritani ya kodi ya mapato hayana VAT ndani yake. Fedha inayoingia benki inayo, kwa sababu mteja hulipa bei pamoja na asilimia 18. Milioni 400 zikiongezwa VAT zinakuwa milioni 472. Maana yake, kati ya ile tofauti ya milioni 158, milioni 72 ni VAT iliyokwisha kutangazwa kwenye ritani za kila mwezi. Karibu nusu ya madai imepata maelezo kabla hujafungua daftari. Uthibitisho wake ni ripoti za Z za mashine ya EFD, yaani jumla za mauzo ya kila siku zinazochapwa na mashine hiyo ya risiti, zikijumlishwa mwezi kwa mwezi na kuwekwa kando ya ritani za VAT. Kama mwezi mmoja haulingani, ujue sababu yake wewe kwanza, kabla ofisa hajakuuliza.

Baada ya hapo kaa na taarifa za benki na upite mstari kwa mstari. Kazi hii inachosha, na sijawahi kuona njia ya mkato iliyofaa. Kila fedha iliyoingia iandikiwe imetokana na nini. Katika duka letu, milioni 35 zilikuwa mkopo wa benki, na mkataba wake upo. Milioni 32 zilikuwa fedha za kampuni yenyewe zilizotolewa akaunti moja na kuingizwa nyingine. Ofisa amezihesabu mara mbili, na dawa yake ni kuonesha siku ile ile, kiasi kile kile, zikitoka huku na kuingia kule. Milioni 21 zililipwa na wadaiwa wa mwaka 2022, mafundi na wakandarasi wa Pongwe na Muheza waliochukua mali kwa mkopo. Mauzo hayo yalikwisha kutangazwa mwaka 2022, kwa hiyo ambatanisha risiti za EFD za mwaka ule na orodha ya wadaiwa ya tarehe 31 Desemba 2022. Orodha hiyo ni muhimu iwe ile iliyokuwa kwenye hesabu ulizowasilisha wakati ule. Orodha iliyotengenezwa baada ya hati ya makadirio kufika hujulikana upesi.

Zikabaki milioni 7 za upatu. Mama mwenye duka ndiye mweka hazina wa kikundi chake, na zamu yake ilipofika fedha ziliingizwa akaunti ya kampuni kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Hapa ndipo mapingamizi mengi mazuri yanapopata doa, kwa kuwa maelezo ni ya kweli ila hayana karatasi. Usiandike tu "fedha za kikundi". Tafuta daftari la upatu lenye majina na tarehe, ujumbe wa miamala ya simu wa wanachama waliotuma, na barua ya mwenyekiti wa kikundi. Kiasi na tarehe za daftari vikikutana na mstari wa benki, hoja inasimama. Visipokutana, ni bora kuziacha milioni hizo 7 kuliko kuzipigania na kuwatia shaka juu ya zile nyingine. Katika mfano huu vilikutana.

Jumla ya fedha zisizo mauzo ya mwaka 2023 ni milioni 95. Toa kwenye 558, inabaki milioni 463.

Sasa fanya jambo ambalo wengi huliogopa: ongeza kile ambacho benki haikukiona. Yapo mauzo ya fedha taslimu ambayo hayakufika benki kwa sababu yalilipa wapakiaji, umeme na nauli za gari la mali. Daftari la fedha taslimu lilionesha milioni 6.9. Yapo pia mauzo ya mwaka 2023 ambayo wateja walikuwa hawajayalipa mwaka ulipoisha, milioni 8. Ukiyajumlisha unapata milioni 477.9. Ulinganisho unaotoa tu bila kuongeza haujakamilika, na ofisa mzoefu ataliona hilo kwenye ukurasa wa kwanza.

Mashine ya EFD inasema 472. Tofauti ni milioni 5.9. Usiifunike. Katika duka hili ilipatikana kwenye kitabu cha risiti za mkono kilichotumika siku chache mashine ilipoharibika. Mashine iliporudi, mauzo yale hayakuingizwa kama inavyotakiwa. Ukiondoa VAT ni milioni 5 kamili, na kodi yake ya mapato ni shilingi 1,500,000. Hiyo ikubali kwa maandishi, na VAT yake ya shilingi 900,000 uirekebishe kwenye ritani ya mwezi husika. Naamini kwa dhati kwamba kukiri huku ndiko kunakoipa barua nguvu, kwa sababu msomaji anaona ulinganisho umefanywa kutafuta ukweli, hata pale ulipokuumiza.

Kwa upande wa matumizi, kagua upya ununuzi kabla ya kingine chochote. Mali uliyoanza nayo mwaka, ongeza uliyonunua, toa iliyobaki siku ya kuhesabu stoo: hiyo ndiyo gharama ya mali iliyouzwa. Hapa ilikuwa milioni 344. Kwa mauzo ya milioni 400, kila mali iliyonunuliwa kwa shilingi 100 ililetea duka faida ghafi ya kama shilingi 16. Makadirio ya milioni 558 yanataka mali ile ile iwe imeleta shilingi 62. Saruji na nondo hazina faida hiyo, na bei za washindani mtaani zinaonesha. Lakini hoja hii ina mpaka wake: ofisa anaweza kusema ulinunua mali nyingine bila kuandika. Kwa hiyo omba kila msambazaji mkubwa akupe taarifa ya akaunti yako ya mwaka mzima, ilingane na ununuzi ulioandikwa. Gharama nyingine zisizo na risiti ya EFD ziweke kando mapema, maana ndizo za kwanza kukataliwa.

Malipo yaliyokwisha kufanyika nayo hukosewa. Weka pamoja stakabadhi za kodi ya awamu nne za mwaka, kila moja na namba yake ya malipo. Kisha tafuta hati za kodi ya zuio. Duka liliuzia halmashauri mabati ya milioni 20, na asilimia 2 ilikatwa, shilingi 400,000, lakini hati ilibaki kwenye droo bila kudaiwa. Ikitolewa, kodi isiyobishaniwa inashuka hadi shilingi 1,100,000.

Hapa kuna mshtuko ambao ni heri uujue siku ya kwanza kuliko ya 29. Ili pingamizi lipokelewe, unatakiwa kulipa ndani ya zile siku 30 kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa. Theluthi ya milioni 47.4 ni milioni 15.8. Kwa duka la namna hii hizo ni lori kadhaa za saruji. Kama huwezi, sheria inaruhusu kumwomba Kamishna Mkuu apunguze au asamehe kiasi hicho kwa sababu nzuri, na ombi hilo liende mapema, likiwa na taarifa za benki zinazoonesha hali ya fedha.

Barua yenyewe sasa ni fupi. Juu yake ziwe TIN, namba na tarehe ya hati ya makadirio, mwaka wa mapato, na tarehe uliyoipokea. Kisha: "Tunakubali kodi ya Sh 1,500,000 itokanayo na mauzo ya Sh 5,000,000 ambayo hayakuingizwa, na tunaomba itolewe kodi ya zuio ya Sh 400,000. Tunapinga kiasi kilichobaki, pamoja na riba na adhabu zake, kwa sababu zifuatazo." Kila sababu iwe na aya yake, kiasi chake na namba ya kiambatisho. Jedwali la ulinganisho, kutoka 558 hadi 477.9, liwe ukurasa mmoja. Kama hati ya VAT imekuja peke yake kwa tofauti ile ile, inahitaji pingamizi lake; la kodi ya mapato haliibebi.

Tunza nakala yenye uthibitisho wa kupokelewa. Ofisa akikuita kuzungumza, nenda na vitabu halisi, kile cha risiti za mkono kikiwa juu, kwa sababu ndicho atakachokiulizia kwanza. Uamuzi wa mwisho ukitoka na hukuridhika, taarifa ya kusudio la kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufani za Kodi ina siku 30 na rufaa yenyewe siku 45, zote zikihesabiwa tangu ulipofikishiwa uamuzi. Andika tarehe ya kupokea juu ya barua hiyo pia.