Ute mweupe kama maziwa katika mimba changa: namna ya kujua kama ni wa kawaida au ni maambukizi

Mama mwenye mimba ya wiki saba au nane akinijia kwa ajili ya ute, karibu kila mara huanza na rangi: "Nesi, natokwa na kitu cheupe kama maziwa, ni fangasi?" Mimi ni mkunga, na jibu langu huwa kwamba rangi nyeupe peke yake haitoshi kuamulia jambo. Ute wa kawaida wa mimba ni mweupe. Fangasi nayo ni nyeupe. Na kuna hali ya tatu, maambukizi ya bakteria yenye ute mwepesi wa maziwamaziwa, unaofanana sana na ule wa kawaida, na hayo ndiyo yanayowapita wengi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Kwanza, kuna hali ambazo hazingoji hatua yoyote. Ukiona damu, ukipata maumivu makali chini ya kitovu, ukiwa na homa, au maji mepesi yakichuruzika bila wewe kuyazuia, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Hayo hayachunguzwi nyumbani.

Hatua ya 1: Utazame ute ungali mbichi

Mimba inapoingia, homoni ya estrojeni hupanda. Damu nyingi zaidi hufika ukeni na kwenye mlango wa kizazi, na tezi za hapo hutoa ute kuliko ulivyozoea. Ndiyo maana wengine huona chupi imelowa hata kabla hawajajua kwamba ni wajawazito.

Vaa chupi safi ya pamba asubuhi, nyeupe ikiwezekana, kisha itazame baada ya saa tatu hivi. Ute wa kawaida ukiwa mbichi ni mwepesi au unateleza kidogo, mweupe kama maziwa au hauna rangi kabisa. Ukikauka hugeuka manjano hafifu na kitambaa hukakamaa. Wengi huikagua chupi usiku wanapoivua, wakaona lile doa la manjano, wakaamini wana ugonjwa. Doa kavu lisikutishe. Lakini ute ukiwa mbichi na tayari una rangi ya kijani au manjano iliyokolea, hasa wenye mapovu, huo si wa mimba. Unaweza kuwa wa trikomona, ugonjwa wa zinaa ambao mwenzi wako naye lazima atibiwe.

Hatua ya 2: Pima harufu, na hasa baada ya tendo la ndoa

Hapa nakuomba usiharakishe. Katika mimba, kuta za uke hujaa sukari, na bakteria wema wanaoishi humo huigeuza kuwa asidi inayozuia vijidudu vingine. Kwa hiyo ute wa kawaida hauna harufu, au una uchachu kidogo tu.

Bakteria wema wakipungua, wale wengine huzaliana kupita kiasi na asidi hushuka; haya ndiyo maambukizi ya bakteria niliyoyataja mwanzoni. Ute huwa mwepesi, mweupe wa kijivu, umetandaa sawasawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Mara nyingi hauwashi wala hauumi. Kinachoufichua ni harufu ya shombo ya samaki, na harufu hiyo hupanda baada ya kujamiiana, kwa sababu shahawa hazina asidi na zinapochanganyika na ute huo huachilia harufu iliyokuwa imejificha. Basi jiulize: shombo hiyo niliisikia mara ya mwisho lini? Kama ni baada ya kuwa na mume wangu, kapime, hata kama huwashwi. Hali hii katika mimba inahusishwa na uchungu kuja kabla ya wakati, kwa hiyo usiivumilie ukidhani ni harufu ya ujauzito.

Hatua ya 3: Muwasho

Fangasi huwasha, na hiyo ndiyo alama yake hasa. Ute wake ni mzito, wa mabongebonge kama mtindi uliokatika, na hunata ukutani mwa uke. Mashavu ya uke huwa mekundu, huvimba, na mkojo ukipita juu yake huchoma. Harufu kwa kawaida haipo. Ukihisi uchungu ndani, kwenye njia yenyewe ya mkojo, na unakwenda haja ndogo kila wakati, hilo ni suala la njia ya mkojo na linahitaji kipimo cha mkojo.

Hatua ya 4: Usijitibu kabla ya kipimo

Usijisafishe ndani kwa maji, sabuni, siki wala kitunguu saumu, maana unawaondoa walewale bakteria wanaokulinda. Usimeze vidonge vya flukonazoli kwa kujiandikia mwenyewe, kwani katika mimba changa tunaviepuka. Fangasi ya mjamzito hutibiwa kwa dawa ya kuweka ukeni, kama klotrimazoli, kwa siku 7.

Mama mmoja alinijia akiwa na mimba ya wiki 9. Alikuwa amenunua dawa ya fangasi ya kuweka ukeni na kuitumia siku sita, bila nafuu. Nilipomuuliza kuhusu muwasho, akasema hajawahi kuwashwa. Nilipouliza harufu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nesi, baada ya mume wangu najisikia aibu hata kulala naye kitanda kimoja." Jibu hilo ndilo lililotuonyesha njia.

Hatua ya 5: Kinachofanyika kliniki

Usijamiiane usiku wa kuamkia kipimo, na usiweke dawa ukeni, kwa sababu shahawa na dawa huharibu majibu. Kwa mama huyu tulichukua ute kwa pamba ya kupimia na kuugusisha kwenye karatasi ya asidi, ambayo namba yake hupanda asidi ikipungua. Ute wa kawaida, na hata wa fangasi mara nyingi, husoma chini ya 4.5. Wake ulisoma 5. Chini ya darubini, seli za uke zilikuwa zimefunikwa na bakteria hadi kingo zake zilionekana kama zimemwagiwa vumbi, na nyuzi za fangasi hazikuwepo. Akapewa metronidazoli kwa siku 7, mara mbili kwa siku.

Jambo moja karatasi ile haioni: kisonono na klamidia vinaweza kukaa kimya bila kubadili ute. Kama mwenzi wako ana dalili, omba kupimwa hata kama hatua zote hapo juu zimekuonyesha ute wa kawaida.

Wiki mbili baadaye mama yule alirudi na wasiwasi mpya. "Dawa nimemaliza, shombo imekwisha, lakini bado unatoka, tena mwingi." Tulipima tena, karatasi ikasoma 4, na darubini ikawa safi. Huo sasa ulikuwa ute wa mimba yake, ambao ulikuwapo tangu mwanzo chini ya ule wa ugonjwa, na ungezidi kadiri mimba inavyokua. Nilimwambia abadilishe chupi kila inapolowa, akitumia pedi ndogo achague isiyo na manukato, aoshe nje tu kwa maji, na arudi siku ile shombo au muwasho utakapotokea.