Malumbano ya mashairi ya steji: Kisumu dhidi ya Nakuru

Nimeandikia vijana malumbano ya tamasha hapa Kisumu mara kadhaa, na hivi ndivyo huwa naanza.

Hatua ya kwanza, chagua ugomvi wa kuchekesha. Mimi napenda Kisumu na Nakuru, samaki na viazi, joto na baridi. Kabila na sura ya mtu usiguse, ukumbi utanuna.

Ya pili, mfungane kwa bahari moja. Tumia tarbia, mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Vina anachagua mchokozi na mjibuji lazima avifuate, hapo ndipo utamu ulipo. Kina cha kati weka -ni, maneno ni mengi, cha mwisho weka kigumu kidogo kama -ri, na kabla hujaanza andika maneno kama ishirini ya -ri kando maana mchokozi pia atabanwa nacho mpaka mwisho.

Kisumu anaanza:

Mgeni wa milimani, shuka utoe habari,
Umetoka baridini, koti zito kama gari,
Viazi tu mfukoni, samaki kwako ni siri,
Keti hapa ufukweni, nikufunze ushairi.

Ya tatu, jibu, na hapa ndipo wengi wanaanguka. Kijana anapanda na matusi yake aliyoyaandika jana nyumbani, mazuri tu, lakini hayajibu kitu, watu wanasikia mashairi mawili tofauti. Kwanza nasa maneno ya mwisho ya mwenzako, kisha rusha mishale yako, halafu rudia tusi lake moja uligeuze liwe sifa. Nakuru:

Nimeketi ufukweni, sijaona ushairi,
Gugu limejaa ndani, mashua hazisafiri,
Mbu wako sikioni, wavuma hadi fajiri,
Na kiazi mfukoni, ndicho shibe ya safari.

Umeona kiazi kimerudi? Hapo ndipo ukumbi hulipuka.

Ya nne, hesabu mizani kwa makofi, si kwa macho. M ya "mfukoni" ni mizani peke yake, m-fu-ko-ni, lakini mb ya "huimba" inaenda na a yake. "Mbu" nayo ni mbili, m-bu. Kijana wangu mmoja alihesabu "mfukoni" tatu akaona mshororo umepungua, akaongeza "tu", kwa mazoezi akafika hapo akajikwaa kila mara na hajui kwa nini. Ukijikwaa mahali pamoja mara mbili, piga makofi tena, karibu kila mara ni mizani.

Raundi nne kila mmoja zinatosha. Si ngonjera hii, kwa hivyo si lazima wakubaliane mwishoni. Ila mpinzani asianze mpaka kicheko kishuke, akikimbilia maiki mshororo wake wa kwanza unamezwa na kelele, na ndio ule uliobeba maneno aliyonasa.