Kusoma mpango wa kwanza wa mapenzi kwa taroti: tazama karata kwanza, kitabu baadaye

Majuzi nilikaa na dada mmoja anayejifunza taroti, zile karata za picha zinazotandazwa na kusomwa ili kujibu swali. Kila karata ikifunuliwa, mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitabu. Akasoma maana tatu, zikagongana, akaniuliza, "Sasa nishike ipi?" Tukafunga kitabu tukaanza upya na karata zilezile. Naandika hapa namna tulivyokwenda, kwa yeyote anayetaka kusoma mpango wake wa kwanza wa mapenzi, yaani karata chache zilizotandazwa mezani kwa swali la mapenzi, kila moja kwenye nafasi yenye maana yake.

Hatua ya 1: Chagua karata zenye picha kamili

Tumia karata za Rider-Waite-Smith zilizotoka mwaka 1909, au zozote zilizochorwa kwa kuzifuata. Mchoraji wake, Pamela Colman Smith, aliweka watu na matukio hata kwenye karata ndogo za namba. Kwenye karata za mtindo wa Marseille, karata ya vikombe vinne ni vikombe vinne vimepangwa, basi. Ni karata nzuri, lakini kwa anayeanza kwa kutazama hazina pa kushika.

Karata ziwe za mkononi. Programu za simu sizipendi kwa kazi hii, kwa sababu nyingi zinaweka maana chini ya picha, na jicho likishaiona maana haliitazami tena picha.

Hatua ya 2: Swali, kisha karata tatu

Uliza jambo linalokuhusu na wewe pia. Dada huyu aliuliza, "Mbona mimi na mwenzangu hatuzungumzi kama zamani?" Swali la namna hiyo linasomeka. "Je, ananipenda?" halisomeki, kwa kuwa picha haisemi ndiyo wala hapana, na haiingii moyoni mwa mtu asiyekuwepo.

Changanya, kata, toa tatu. Ya kwanza kushoto ni wewe. Ya pili kulia ni mwenzako, kwa jinsi mambo yake yanavyokufikia wewe. Ya tatu weka katikati, ni kilichopo baina yenu. Iliyotoka kichwa chini igeuze isimame, habari za karata zilizopinduka zisubiri. Wala usiongeze karata ya nne "ya kufafanua". Asiyezielewa tatu, ya nne itamchanganya zaidi.

Kwa dada huyu zilitoka hivi: kushoto Vikombe Vinne, kulia Sarafu Nane, katikati Panga Mbili.

Hatua ya 3: Andika unachokiona

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua daftari. Kwa kila karata andika sentensi nne au tano za vitu unavyoweza kuvigusa kwa kidole kwenye picha. Kipimo ni hicho tu: kidole. "Kijana ana huzuni" haipiti, maana huzuni huwezi kuigusa. "Kijana amekunja mikono kifuani na macho yake yako chini" inapita. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukishaandika "huzuni" umeshatoa hukumu, na kila karata inayofuata utaisoma ili kuithibitisha.

Fuata mpangilio uleule kila mara ili usiruke kitu: kwanza watu na jinsi walivyokaa au kusimama, kisha macho, kisha mikono, kisha ardhi na vilivyo nyuma, mwisho mbingu. Usikimbie, mpe kila picha dakika mbili au tatu. Mambo yenye faida huja baada ya pale unapodhani umemaliza.

Vikombe Vinne: kijana amekaa chini ya mti, mikono ameikunja, miguu pia. Mbele yake kwenye majani kuna vikombe vitatu. Mkono unatokea kwenye wingu ukimpa kikombe cha nne. Dada aliandika yote hayo, nikamwambia atazame tena macho. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hakioni." Naam. Kikombe kinatolewa karibu kabisa naye, naye macho yako chini.

Sarafu Nane: fundi amekaa kwenye benchi, amevaa aproni, ana nyundo na patasi, anachonga nyota kwenye sarafu kubwa. Nyingine zimetundikwa kwenye nguzo mbele yake. Mji uko mbali, nyuma yake.

Panga Mbili: mwanamke aliyevaa nguo nyeupe amekaa kwenye kiti cha jiwe. Amefungwa kitambaa machoni. Mikono amepishanisha kifuani, kila mmoja umeshika upanga mrefu. Nyuma yake ni maji yenye miamba, juu kuna mwezi mwandamo.

Hapo ndipo dada alipoibuka na swali linaloharibu mipango mingi ya mapenzi: "Huyu mwanamke ni nani?" Sauti ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameshaona mwanamke mwingine ameingia katikati yao.

Tahadhari ya kwanza: mtu aliyechorwa si lazima awe mtu wa kweli. Nafasi ndiyo inayotangulia. Karata imekaa kwenye nafasi ya "kilichopo baina yenu", kwa hiyo picha nzima ni maelezo ya hali: kutoona, mikono iliyofunga kifua, silaha zilizotulia. Ukiona moyo umeenda mbio kwa sababu ya sura kwenye karata, rudia jina la nafasi kwa sauti, kisha usome picha ukianza na maneno "Baina yetu kuna…". Dada alifanya hivyo, sentensi ikatoka yenyewe: "Baina yetu kuna kujilinda, na hakuna anayetazama."

Tahadhari ya pili: jinsia ya aliyechorwa isikufunge. Dada alikuwa kwenye nafasi yenye picha ya kijana wa kiume, na ilimfaa.

Tahadhari ya tatu, na hii ni ya wale wanaojua kidogo: usilazimishe alama. Mwezi upo, uandike, lakini kama hauungani na kitu kingine mezani, uache hapo ulipo.

Ukimaliza moja moja, zitazame tatu kwa pamoja. Tafuta kinachojirudia na uelekeo wa miili. Hapa wote watatu wamekaa, hakuna anayetembea. Mikono iliyopishana kifuani ipo kwenye karata mbili. Na angalia kushoto na kulia: kijana wa vikombe ameelekea kushoto, fundi ameelekea kulia kwenye kazi yake. Zikiwa zimepangwa hivi, wamepeana migongo. Hilo hulipati kwenye kitabu chochote, kwa kuwa kitabu kinaeleza karata moja moja, nacho hakijui umeweka karata gani wapi.

Hatua ya 4: Makundi

Karata ndogo ni 56, makundi manne yenye karata 14 kila moja. Vikombe ni hisia na uhusiano. Sarafu ni kazi, mwili, fedha, mambo ya kila siku. Panga ni fikra, maneno na ugomvi. Fimbo ni ari na matamanio. Kama umezoea karata za kawaida, shika hivi: kopa ni vikombe, uru ni sarafu, shupaza ni panga, pau ni fimbo. Karata kubwa 22, kama Wapendanao au Mnara, hazina kundi.

Hapa kila mtu yuko kwenye kundi lake. Dada yuko kwenye hisia, mwenzake yuko kwenye kazi, na kilicho katikati ni fikra na maneno, tena maneno yaliyoshikwa yasitoke. Hilo linajibu swali lake moja kwa moja.

Ila usihesabu kilichokosekana. Wengi wakikosa vikombe kwenye mpango wa mapenzi huona mapenzi yamekwisha. Fanya hesabu: kati ya karata 78, vikombe ni 14 tu. Ukitoa tatu, zaidi ya nusu ya mara hutapata kikombe hata kimoja. Makundi ni manne na karata ni tatu, kwa hiyo lazima angalau kundi moja likosekane. Kukosekana kuna uzito kwenye mpango wa karata kumi, si huu.

Hatua ya 5: Namba

Kumbuka tu mwendo wake: moja ni mwanzo, mbili ni kukutana au kuchagua, tatu ni kukua, nne ni kutulia, tano ni mtikisiko, sita ni kurudisha uwiano, saba ni kujaribiwa, nane ni juhudi, tisa ni kukaribia mwisho, kumi ni kutimia. Karata nne zinazobaki katika kila kundi, yaani kijana, mpanda farasi, malkia na mfalme, hazina namba, soma namna walivyokaa.

Namba haisemi kama jambo ni zuri au baya, picha ndiyo inayosema. Nne ni utulivu, lakini kijana mwenye mikono iliyokunjwa anaonyesha utulivu uliogeuka kuganda. Nane ni juhudi, na fundi anaonyesha juhudi yote imekwenda upande mmoja. Mbili ni wawili, au njia mbili, na mwanamke hajachagua.

Hatua ya 6: Sasa fungua kitabu

Kabla ya kukifungua, andika jibu lako kwa sentensi mbili. Dada aliandika: "Mimi nimejifunga na sioni ninachopewa, yeye amezama kwenye kazi. Wote tunanyamaza ili tusiumizane."

Kitabu kilikubaliana naye kwenye Vikombe Vinne, ambayo hutafsiriwa kuwa kuchoshwa na kutoridhika, na kwenye Sarafu Nane, ambayo ni kazi na ufundi. Kwenye Panga Mbili vitabu vinatofautiana. Vingi vya siku hizi vinasema kushindwa kuamua, huku maelezo ya Arthur Edward Waite, aliyesimamia karata hizi, yakitaja urafiki na maelewano katika hali ya silaha. Asiye na maelezo yake mwenyewe hapo hukwama. Dada alikuwa nayo, akachukua yote mawili: wanyamavu hawa wawili bado wanatunzana, ila kwa panga mkononi.

Kitabu kikipingana kabisa na ulichokiona, usifute chako. Andika maana ya kitabu chini yake kwa wino mwingine, weka tarehe, upige picha mpango mzima jinsi ulivyokaa mezani. Usitandaze tena kwa swali lilelile mpaka kuwe na jambo jipya lililotokea baina yenu. Kwa dada huyu, jambo hilo lilikuwa kumuuliza mwenzake ni kitu gani amekuwa akimpa ambacho yeye hakukiona.